Anauliza kwa Kiingereza, nimjibu kwa lugha gani?

*"Nina binti wa miaka 10, yuko Gredi ya 5. Tangu azaliwe mimi huongea naye Kiswahili, mamake huongea naye Kiingereza. Nafanya zamu ya usiku Eneo la Viwanda, kwa hiyo siku za wiki hatuonani sana. Mengi tunaandikiana kwa WhatsApp kwenye simu ya nyumbani. Tangu mwaka huu maswali yake yote yanakuja kwa Kiingereza. Nikimjibu kwa Kiswahili, swali linalofuata ni Kiingereza tena, na siku nyingine nashtukia nami nimejibu kwa Kiingereza. Mwalimu wake anasema namchanganya mtoto. Niendelee kushikilia Kiswahili? Na kazi za shule je? Na mambo ya dharura?"*

Endelea, ndugu yangu. Lakini kushikilia Kiswahili katika majibu yako ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wazazi wengi huiacha, ni namna jibu lenyewe linavyoandikwa. Kuna jibu la Kiswahili linalomfungia mtoto mlango, na kuna linalomwekea mkononi maneno atakayohitaji kukuandikia tena. Nitakaa sana hapo, ila kwanza tuyaondoe mawili matatu yanayokusumbua.

Mwalimu ana nia njema, lakini hilo la kuchanganywa halipo. Mtazame binti yako siku moja ya Jumamosi. Akitumwa dukani ataongea Kiswahili na mwenye duka, akipita getini atamsalimu bawabu kwa Kiswahili, akirudi ndani atamgeukia mamake kwa Kiingereza. Mtoto aliyechanganyikiwa hawezi kupanga lugha kufuata mtu namna hiyo. Anapochomeka neno la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, mara nyingi ni kwa sababu neno hilo amelipata shuleni na hajawahi kulisikia kwako. Ni kawaida kwa mtoto wa lugha mbili kujua maneno ya jikoni kwa lugha moja na ya darasani kwa nyingine. Ukipima lugha moja peke yake utaona upungufu, ukizijumlisha zote mbili hutauona.

Mwalimu ana haki kwenye jambo moja: Kiingereza chake ni lazima kiwe imara. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Lakini Kiingereza hicho kina shule nzima nyuma yake, kina vitabu, kina katuni, na kina mama nyumbani. Kiswahili cha nyumbani kina wewe. Ukikihama, nafasi yako haitachukuliwa na mtu mwingine.

Sasa, kwa nini mabadiliko haya yametokea kwenye maandishi? Mtoto aliyefundishwa kusoma na kuandika kwa Kiingereza hushika kalamu kwa Kiingereza. Kuongea Kiswahili ni kitu kimoja, kukiandika ni ustadi mwingine, na huenda binti yako hajui kama aandike "nimekuja" kwa neno moja au "nime kuja" kwa mawili. Kiingereza kinamwondolea wasiwasi huo. Halafu mambo anayokuuliza sasa yametoka shuleni, yakaja na lugha yake.

Sababu ya mwisho ni ndogo na watu huipuuza: kibodi ya simu. Kibodi iliyowekwa Kiingereza tu hupendekeza maneno ya Kiingereza kila herufi mbili, huyapigia maneno ya Kiswahili mstari mwekundu, na mengine huyageuza kabisa kabla hujayatuma. Mtoto anaandika "nina" na simu inadhani ni jina la mtu. Baada ya kusahihishwa hivyo mara kadhaa, yeyote angehamia lugha ambayo simu inaikubali. Hili litengeneze leo. Kwenye simu nyingi za Android kibodi ni Gboard: gusa alama ya gurudumu juu ya herufi, kisha `Languages`, kisha `Add keyboard`, uchague `Swahili (Kenya)`. Ukimaliza, atabadilisha lugha kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha nafasi. Mwonyeshe mwenyewe afanye. Usimwambie kwamba sasa lazima aandike Kiswahili; mwambie tu simu imeacha kumsumbua.

Utaratibu mliouchagua nyumbani, kila mzazi na lugha yake, si mpya. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat aliueleza mwaka 1913 baada ya kumlea mwanawe kwa Kifaransa chake na Kijerumani cha mama. Tangu hapo umesifiwa kupita kiasi, kana kwamba ukishikilia lugha yako mtoto ataizungumza tu. Si hivyo. Annick De Houwer alichunguza karibu familia 1,900 zenye lugha mbili huko Flanders, Ubelgiji, akachapisha matokeo mwaka 2007: takriban robo ya watoto hawakuizungumza ile lugha ya nyumbani isiyo Kiholanzi, lugha ya eneo hilo, ingawa walikuwa wakiisikia. Kuisikia kuliwapa uelewa, hakukuwapa ulimi. Ndiyo hatari iliyo mbele yako, kwamba miaka mitano ijayo binti yako aelewe kila unachoandika na asijibu hata mstari.

Kinachotenganisha watoto wanaojibu na wasiojibu kimechunguzwa pia. Elizabeth Lanza, aliyefuatilia familia za Kiingereza na Kinorwe nchini Norwe, alionyesha kwamba mzazi hutoa ishara katika kila jibu. Akijifanya hakuelewa, au akakisia kwa lugha yake ("unataka maji?"), au akarudia alichosema mtoto kwa lugha yake, mtoto anapata ujumbe kwamba hapa lugha ni hii. Akiendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea, au akihamia lugha ya mtoto, ujumbe ni kwamba lugha yoyote inafaa. Wewe ukijibu "sawa" tu, hiyo ni kuendelea kama hakuna kilichotokea, japo "sawa" ni Kiswahili.

Tuchukue mfano tuujenge. Binti yako anaandika kwa Kiingereza: kuna sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake Jumamosi, je, anaweza kwenda, na nani atamchukua? Jibu la kawaida la mzazi aliyechoka ni "Sawa, nitakuja." Ni Kiswahili safi, lakini halina chochote cha kushika. Akitaka kuuliza zaidi itabidi atafute mwenyewe maneno yote, na yako karibu zaidi kwa Kiingereza. Linganisha na hili:

"Unataka kwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa Jumamosi? Sawa mama, nenda. Nije kukuchukua saa kumi au saa kumi na moja?"

Sentensi ya kwanza imelirudisha swali lake kwa Kiswahili bila kusema "umekosea". Ya pili imempa jibu, na jibu lisicheleweshwe kamwe. Ya tatu ni swali lenye majibu mawili yaliyokwisha kuandikwa, achague tu. Kujibu kwa Kiswahili sasa ni rahisi kuliko kutafsiri. Na hapa maandishi yanakupa kitu ambacho mazungumzo ya mdomo hayana: maneno yanabaki kwenye kioo. Akisahau "sherehe ya kuzaliwa" atapandisha juu kidogo na kulinakili. Kwa hiyo kila unapoandika, jiulize swali lake linalofuata litahitaji maneno gani, uyaweke ndani ya jibu lako la sasa. Sentensi mbili au tatu zinatosha, na neno moja geni kwa jibu moja. Ukimwandikia aya nzima ya Kiswahili sanifu ataisoma mstari wa kwanza tu.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu hasa kwenye ujumbe. Mtoto anayefikiri kwa Kiingereza akiona tarakimu 4 kwenye simu huandika "saa nne", akimaanisha saa kumi jioni. Wewe utaelewa saa nne usiku, au utashangaa tu. Siku za mwanzo andika yote mawili, "saa kumi (4:00)", hadi utakapoona yeye mwenyewe anahesabu vizuri. Hiyo si kuacha Kiswahili. Ni kuhakikisha mtoto hasimami getini kwa watu akikusubiri.

Makosa nayo yatakuja mara tu atakapoanza kuandika Kiswahili, na jinsi utakavyoyapokea ndiyo itakayoamua kama ataendelea. Tuseme ameandika, "Baba kitabu yangu imepotea." Nusu ya Nairobi huongea hivyo. Usimwandikie "kitabu CHANGU". Jibu jambo lake: "Kitabu chako kimepotea? Pole. Ulikiacha darasani au kwenye basi?" Ameliona umbo sahihi mara tatu, chako, kimepotea, ulikiacha, na hakuna aliyemsahihisha. Wazazi wengine hutuma ujumbe wenye mstari mwekundu na nyota. Mtoto wa miaka 10 akisahihishwa hivyo mara mbili anarudi Kiingereza, kwa sababu kule hakosei.

Yapo mambo ambayo kwa umri huu hayafai. Kujifanya hukuelewa Kiingereza kunaweza kufanya kazi kwa mtoto wa miaka miwili. Huyu anajua wewe ni baba anayesoma barua za shule na mikataba ya kazi, ataona unamchezea. Kumwambia "andika kwa Kiswahili ndipo nikujibu" ni kibaya zaidi, maana unafanya ruhusa, chakula au faraja viwe malipo ya lugha. Ukifanya hivyo atapeleka maswali kwa mama. Sheria ya lugha moja ni yako wewe, inahusu majibu yako. Yeye anaruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote.

Kule kushtukia umejibu Kiingereza nako kuna chanzo chake. Ukisoma swali la Kiingereza, maneno yake yanakuwa mbele akilini, na vidole huchukua yaliyo karibu. Hutokea zaidi ukiwa umechoka, na hutokea ukiwa umetoka kumjibu msimamizi wa zamu kwa Kiingereza dakika hiyo hiyo. Dawa yake ni kuanza kila jibu kwa neno lile lile, "mama" au "mwanangu" au jina lake la utani, kabla hata hujawaza jibu. Neno la kwanza likishakuwa la Kiswahili, mengine hulifuata. Na kama kuna kundi la familia ambamo mama huandika Kiingereza, usimjibu mtoto humo. Kuwe na uzi wenu wawili tu, wenye Kiswahili kutoka juu hadi chini. Ukiteleza, usifute ujumbe wala kuomba radhi. Ujumbe unaofuata urudi kwenye Kiswahili.

Sasa kazi za shule. Hapa wazazi wanaoshikilia lugha moja huumia bure. Mtoto atafanya mtihani wa Sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za kitabu ziache kama zilivyo kitabuni, na maelezo yote yanayozizunguka yawe ya Kiswahili. Akikutumia picha ya ukurasa unaoeleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, huna haja ya kumfundisha "usanisinuru" saa tatu usiku. Mwambie: "Jani linachukua mwanga wa jua, maji kutoka kwenye mizizi, na hewa ya kaboni. Linatengeneza sukari. Hiyo ndiyo maana ya neno lililo kwenye mstari wa pili." Kisha muulize: "Mmea ukikaa gizani wiki mbili utakosa nini kati ya hivyo vitatu?" Akikueleza kwa Kiswahili halafu akaandika daftarini kwa Kiingereza, ameelewa somo. Anayenakili sentensi ya kitabu bila kuelewa hawezi kufanya hivyo. Mahali pekee ninapokushauri uandike Kiingereza ni swali linalohusu Kiingereza chenyewe, kama insha au tahajia, na hapo afadhali aulizwe mama, kwani ndiyo lugha yao.

Dharura haina lugha. Akiandika kwamba amepitwa na matatu, yuko stejini peke yake na giza linaingia, jibu kwa lugha itakayofika haraka, au afadhali piga simu. Vivyo hivyo akiwa analia, ana homa, au ameumizwa na mtu. Mtoto aliye kwenye taabu anaangalia kama unamsikiliza. Majibu machache ya namna hiyo hayabomoi mazoea ya miaka kumi, mradi kesho yake urudi ulipokuwa.

Na Sheng? Ikija, ifurahie. Mtoto anayekuandikia "niko keja" ametumia sarufi ya Kiswahili tangu herufi ya kwanza. Mjibu kwa Kiswahili chako mwenyewe na usiige Sheng yake; hakuna kinachomchosha mtoto kama baba anayejaribu kuwa kijana.

Nikuambie pia njia nyingine zilizopo, kwa sababu hii si ya kila nyumba. Wengine hugawa kwa chombo: ujumbe ni Kiswahili siku zote, mazungumzo ya mdomo yawe yatakavyokuwa. Kwa mtu wa zamu ya usiku huo ni mpango mzuri, na kama huna nguvu ya kulinda lugha kila mahali, linda hapo. Wengine hugawa kwa siku, Kiswahili wikendi tu. Mimi siupendi, kwa sababu mtoto hutumia muda mwingi akibishana leo ni siku gani. Kujibu kila swali kwa lugha lilivyokuja ni starehe na hakuna ugomvi, lakini ukichagua hiyo, elewa kwamba umeamua matokeo: ataandika Kiingereza, nawe utakuwa unamfuata.

Ujumbe peke yake hautoshi, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani. Mtoto huona haja ya lugha anapokuwa na mtu asiyeweza kumwelewa kwa nyingine. Nyanya yake ushago kama ni mtu wa Kiswahili, binamu wa Mombasa, jirani wa rika lake anayecheza Kiswahili tupu, hao hufanya wiki moja ya likizo izidi muhula mzima wa ujumbe wako. Na kati ya ujumbe, tuma sauti mara moja moja. Asikie sentensi zako, kisha uandike swali dogo chini yake.

Utajuaje kama inafanya kazi? Mwanzoni mwa muhula pandisha mazungumzo juu, chukua ujumbe wake 20 wa mwisho, uhesabu wenye hata neno moja la Kiswahili mbali na "baba" na "sawa". Rudia mwisho wa muhula. Usitarajie sentensi nzima kwanza. Huanza kwa kuchagua moja ya majibu uliyompa, kisha sentensi zilizochanganywa, kisha siku moja swali lote linakuja kwa Kiswahili na wewe hata hutambui. Hesabu isiposogea kabisa, angalia upande wako kabla ya kumlaumu: je, majibu yako yanaishia kwenye swali, au yanaishia kwenye "sawa"?

Kuna dalili ambazo hazitibiwi na ujumbe. Kama hafuati maagizo ya hatua mbili kwa lugha yoyote, ya mama wala ya kwako. Kama anapoteza maneno aliyokuwa nayo. Kama anaomba urudie rudie na kuongeza sauti ya televisheni. Kama kusoma kunamshinda kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, hilo si suala la lugha mbili, na kuacha Kiswahili hakutaliondoa. Anza kwa kumpima masikio, katika kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wanayo, na hospitali nyingine kubwa pia. Kwa matatizo ya kusoma na kujifunza, omba shule ikuelekeze kituo cha tathmini ya elimu, EARC, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Mkienda, sisitiza apimwe kwa lugha zote mbili, na ubebe simu yenye mazungumzo yenu. Ujumbe wake wa miezi michache utamwonyesha mtaalamu anachoweza kuandika akiwa ametulia, jambo ambalo mtoto mwenye aibu hatalionyesha katika chumba cha kupimiwa.